Sura ya Sita: Skrini ya Pili na Hesabu ya Wati

Skrini ya kubebeka ya inchi 15.6 kwa kawaida haifiki uzito wa kilo moja, na hukaa mkobani pamoja na laptopu bila kuomba nafasi ya ziada. Haina waya wa kuchomeka ukutani, na nyingi hazina hata betri. Waya mmoja wa USB-C huipa picha na umeme kwa pamoja. Hilo ndilo linaloifanya ipendwe, na hilo hilo ndilo linalowasumbua watu wakishatoka nyumbani. Skrini hii ni mgeni anayekuja bila chakula: lazima kuwe na mwenyeji wa kumlisha. Swali la sura hii ni moja tu, yaani anayeilisha ni nani na kwa muda gani, kwa sababu mtu akilijua hilo, mengine yote ya skrini humwendea vizuri.

Ili hesabu isielee hewani, tumchukue mhasibu wa kujitegemea anayeishi mjini Kilifi. Wateja wake ni hoteli ndogo na maduka kuanzia Takaungu hadi Malindi. Kila mwezi, kabla ya tarehe 20, ripoti za VAT za wateja wake lazima ziwe zimeingia kwenye mtandao wa iTax wa KRA. Kazi hiyo ni ya macho mawili: taarifa ya benki upande mmoja, vitabu vya mauzo upande wa pili, na kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kwenye skrini moja ya laptopu ataruka kutoka dirisha hadi dirisha mpaka akili ichoke. Kwa skrini mbili anaona yote kwa pamoja. Lakini ofisi yake ni meza ya mteja, na mezani kwa mteja soketi haipatikani kila mara.

Kinachopita ndani ya waya

Umbo la USB-C lilitangazwa mwaka 2014. Ndani ya tundu lake dogo mna pini 24. Baadhi hupitisha umeme, baadhi hupitisha mazungumzo ya vifaa kuhusu nani atoe umeme na kiasi gani, na jozi nne ni njia za kasi zinazoweza kubeba data au picha. Mwaka huo huo wenye kiwango cha picha kiitwacho DisplayPort waliafikiana kwamba picha zao zipite kwenye njia hizo za kasi. Skrini ya waya mmoja inategemea mapatano hayo.

Kwa hiyo vitu vitatu lazima vikubaliane: tundu la laptopu, waya, na skrini. Kimoja kikikosa njia za kasi, umeme utapita lakini picha haitapita. Waya ndio unaoponza wengi. Waya nyingi zinazokuja na chaja za simu zina njia za umeme na data ya polepole tu. Ukizitazama kwa nje zinafanana kabisa na zile kamili. Dukani, usiulize kama waya ni wa USB-C, kwa kuwa utajibiwa kwamba ni wa USB-C. Uliza hivi: "Kaka, huu unatoa picha kwenye skrini, au ni wa kuchaji tu?" Kisha omba ujaribiwe hapo hapo. Waya uliokuja na skrini uwekewe alama ya rangi, usichanganyike na za simu, na usizidi mita moja, kwa maana njia za kasi hudhoofika waya unapokuwa mrefu.

Upande wa laptopu, tazama alama iliyo karibu na tundu. Alama ya radi au herufi za DP huashiria kwamba picha inapita. Tundu lisilo na alama si lazima liwe bovu, ila hapo ni vizuri kusoma maelezo ya modeli. Mhasibu wetu ana ThinkPad T480 ya mwaka 2018, moja ya laptopu zilizotumika ng'ambo ambazo madukani Kenya zimejaa. Chaguo hilo linamfaa kwa jambo moja kubwa: ina matundu mawili ya USB-C, na yote mawili yanapitisha picha na yanapokea chaja. Mwenye laptopu ya tundu moja ana safari ndefu kidogo, na tutamfikia.

Skrini inakula kiasi gani

Skrini ya kawaida ya inchi 15.6, yenye ubora wa 1920 kwa 1080, hula kati ya wati 4 na wati 10. Kinachoamua ni mwangaza. Mwangaza ukiwa chini kabisa, skrini hukaribia wati 4 au 5. Ukiwa katikati, hufika 6 au 7. Ukiufungulia wote, hugonga 9 au 10. Skrini za 4K hula zaidi ya hapo.

Wengi hudhani kwamba kuweka rangi nyeusi kwenye madirisha kunapunguza ulaji. Kwenye skrini za LCD, ambazo ndizo nyingi sokoni, hakupunguzi kitu cha maana. Taa iko nyuma ya kioo na inawaka vile vile, iwe picha ni nyeusi au nyeupe. Skrini za OLED pekee ndizo ambazo kila nukta huwaka yenyewe, na huko weusi huokoa umeme kweli. Mwenye LCD ana kitufe kimoja cha kubana matumizi: mwangaza.

Kuna njia rahisi ya kupima bila kununua chombo chochote. Kwanza ujue betri yako imebaki na ukubwa gani. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuandikia ukurasa wenye mistari miwili ya kuangalia: DESIGN CAPACITY, yaani ukubwa betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani ukubwa uliobaki. Namba zimo katika mWh, kwa hiyo gawanya kwa 1,000 upate wati-saa. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma, na kwa kawaida kila moja ilitoka kiwandani na wati-saa 24. Tuseme za mhasibu wetu zimechakaa na zimebaki na jumla ya wati-saa 38 badala ya 48.

Sasa fanya kazi yako ya kawaida nusu saa bila skrini ya pili, ukiandika asilimia ya betri mwanzo na mwisho. Kisha chomeka skrini, urudie nusu saa nyingine kwa kazi ile ile. Tuseme mara ya kwanza betri ilishuka asilimia 12. Asilimia 12 ya 38 ni kama wati-saa 4.5, na kwa kuwa ni za nusu saa, laptopu inakula wati 9. Mara ya pili ilishuka asilimia 23, yaani karibu wati-saa 8.75 kwa nusu saa, ambazo ni wati 17.5. Tofauti ni wati 8.5, na hiyo ndiyo bei halisi ya skrini.

Angalia kwamba skrini yenyewe, mwangaza ukiwa katikati, inakula kama 7. Wati moja na nusu iliyozidi imekwenda wapi? Sehemu hupotea laptopu inapogeuza umeme wa betri yake kuwa volti zinazotakiwa na skrini, na sehemu ni kazi ya ziada ya kuchora picha ya pili. Wati moja na nusu inaonekana ndogo, lakini ni hasara ya kila dakika, na nusu yake au zaidi inaweza kuepukwa.

Asubuhi Kilifi, jioni Malindi

Tuipeleke hesabu hii barabarani. Mhasibu anaondoka Kilifi na matatu asubuhi. Ni mwendo wa kilomita kama 60 hadi Malindi, na mchana anataka kukaa kwenye banda la makuti kwa mteja wa Watamu kabla ya kumalizia mjini Malindi. Anakadiria saa 6 za kazi ya skrini mbili, bila uhakika wa soketi popote.

Akitegemea laptopu pekee, wati-saa 38 zikigawanywa kwa wati 17.5 zinatoa muda wa saa mbili na dakika kumi hivi. Bila skrini ya pili angepata zaidi ya saa nne. Skrini imekula nusu ya siku yake, na hapo hajafika hata Malindi.

Sasa mpe pawabenki. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh haina umeme wa kutisha kama namba inavyosikika. Namba hiyo ni ya seli zilizo ndani, ambazo zina volti 3.7. Zidisha ampea-saa 20 kwa 3.7 upate wati-saa 74. Kisha ondoa kinachopotea katika kugeuza volti, na kinachofika nje ni kama wati-saa 63. Pawabenki halali huandikwa wati-saa zake kwa Wh mgongoni. Ikiwa haikuandikwa, au 20,000 mAh zimebanwa ndani ya kitu chepesi kama simu ndogo, iache dukani.

Wazo linalomjia mtu kwanza ni kuichaji laptopu kwa pawabenki, na laptopu iendelee kuilisha skrini. Inafanya kazi, lakini kila wati ya skrini inakuwa imelipiwa ushuru mara tatu: pawabenki inapogeuza, laptopu inapojaza betri yake, na laptopu inapoutoa tena. Njia iliyo bora ni kila mmoja ale kwake. Laptopu ile betri yake, na skrini ile pawabenki moja kwa moja.

Hesabu inabadilika hivi. Laptopu sasa inakula kama wati 9.5, yaani zile 9 na nusu wati ya kuchora picha ya pili. Betri ya wati-saa 38 inadumu saa nne kamili. Katika saa hizo nne skrini imekula wati-saa 28 kutoka pawabenki, na zimebaki 35. Hapo ndipo pawabenki inaanza kuzilisha zote mbili, kwa jumla ya wati 17 na ushee ukihesabu hasara, na inadumu karibu saa mbili zaidi. Jumla ni saa sita. Vifaa ni vile vile na kazi ni ile ile, ila sasa siku imetimia.

Anayekuja kutoka Nairobi kwa ndege hadi uwanja wa Malindi ana jambo moja la ziada la kukumbuka. Pawabenki hupanda nayo mkononi, haiwekwi kwenye mizigo ya chini, na kikomo cha kawaida bila ruhusa ya shirika la ndege ni wati-saa 100. Hii ya 74 inapita. Skrini isiyo na betri haina kizuizi hicho, lakini kioo chake hakipendi kutupwa tupwa, kwa hiyo nayo ikae mkononi.

Tundu la A au tundu la C

Hapa pana mtego mdogo unaoharibu hesabu nzuri. Skrini nyingi zina matundu mawili ya USB-C. Moja hupokea picha na umeme kutoka laptopu. La pili mara nyingi ni la umeme tu. Ukichomeka chaja kubwa kwenye la pili, skrini huchukua chake na kuusukuma uliobaki hadi kwenye laptopu kupitia waya wa picha. Mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya chaja ya ukutani, na kwenye chaja ya ukutani ni mzuri sana.

Sasa chomeka pawabenki yenye nguvu kwenye tundu hilo kwa waya wa C hadi C. Skrini haijui kwamba hii ni pawabenki. Laptopu nayo inaona umeme unakuja, inauomba wote, na inaanza kujaza betri yake kwa wati 30 au zaidi. Pawabenki inayotakiwa kuilisha skrini saa tisa inakuwa tupu kabla ya chakula cha mchana. Wakati mwingine hutokea kinyume kabisa: tundu la C la pawabenki hutoa na kupokea, na mazungumzo ya vifaa yanapokwenda vibaya, laptopu ndiyo inayoanza kuichaji pawabenki.

Dawa ni ndogo na haina gharama. Tumia tundu la USB-A la pawabenki, lile pana la zamani, na waya wa A hadi C. Tundu la A hutoa tu, halipokei. Mengi huipa skrini volti 5 na ampea 2 au 3, yaani wati 10 hadi 15. Hizo zinaitosha skrini ya 1080, na haziitamanishi laptopu, kwa sababu laptopu nyingi hazichajiki kwa volti 5. Skrini inakula kwa pawabenki, laptopu inakula kwake, na hakuna anayemwibia mwenzake. Saa nne zikiisha, ndipo unapohamia kwenye tundu la C kwa waya wa C hadi C ili laptopu nayo ipate.

Jambo moja la kuangalia ni mapumziko. Pawabenki nyingi hujizima zikiona kifaa kinachukua umeme kidogo mno. Ukienda kula na skrini ikalala, huenda ukarudi ukaikuta haiamki. Haijaharibika. Bonyeza kitufe cha pawabenki na itaendelea.

Stima ikiwapo, stima ikipotea

Kaunti ya Kilifi ina kituo kikubwa cha umeme wa jua kule Langobaya, bara ya Malindi, chenye uwezo wa megawati 40, kilichoanza kuuza umeme Desemba 2021. Lakini kituo hicho huingiza umeme kwenye gridi ya taifa, hakiuwekei mji akiba. Laini ikianguka njiani, au nchi nzima ikizimika kama ilivyotokea usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, jua la Langobaya halitawasha soketi ya hoteli. Ndiyo maana hesabu ya betri inatangulia, na soketi ni bahati njema juu yake.

Ukipata soketi, chaja ya wati 45 ndiyo ndogo ya kuichukua safarini, na ya wati 65 ni bora zaidi. Laptopu na skrini pamoja zinakula karibu 18. Chaja ya 45 inabakiza kama 27 za kujaza betri, na betri ya wati-saa 38 inakaribia kujaa ndani ya saa mbili huku kazi inaendelea. Chaja ya 65 inafupisha muda huo, ingawa betri yenyewe hupunguza mwendo inapokaribia kujaa, kwa hiyo usitarajie muujiza.

Mwenye T480 anachomeka chaja kwenye tundu moja na skrini kwenye jingine, basi. Mwenye laptopu ya tundu moja anapitisha chaja kwenye skrini. Ajue mambo mawili. Kwanza, si kila skrini inapitisha umeme kwenda kwenye laptopu, kwa hiyo alithibitishe hilo kabla ya kununua. Pili, stima ikipotea, skrini itakuwa nyeusi kwa sekunde chache wakati vifaa vinakubaliana upya kwamba sasa laptopu ndiyo inayolisha. Madirisha huweza kurukia skrini ya laptopu kisha yakarudi. Hakuna kazi inayopotea, kwani skrini huonyesha tu na haihifadhi kitu. Kinachotakiwa kufanywa dakika hiyo ni kushusha mwangaza na kuhamia kwenye pawabenki, kabla laptopu haijaanza kulipa zile wati 8.5.

Stima inaporudi, usiwe wa kwanza kuchomeka. Umeme wa mwanzo mara nyingi hupanda na kushuka. Ngoja dakika kadhaa, kisha rudisha chaja.

Simu na skrini

Hapa wengi huvunjika moyo. Simu nyingi za bei ya kati zinazouzwa Kenya zina tundu la USB-C linalochaji na kuhamisha data kwa mfumo wa USB 2.0. Hazitoi picha kwa waya, na hakuna programu wala adapta ya kawaida itakayozigeuza. Ukisoma maelezo ya simu ukakuta USB 2.0, hesabu kwamba skrini haitawaka, isipokuwa maelezo yenyewe yataje DisplayPort.

Zinazotoa picha zinajulikana. Samsung ilianza mfumo wake wa DeX na Galaxy S8 mwaka 2017, na tangu Note 9 ya mwaka 2018 waya au adapta pekee inatosha, bila kituo maalumu. Galaxy S zinazofuata zimeendelea nao, lakini Galaxy A nyingi hazina. iPhone zilihamia USB-C na modeli ya 15 mwaka 2023, na hizo hutoa picha. Pixel 8 ya Google ilifunguliwa kutoa picha kwa sasisho la mwaka 2024. Kwenye DeX unapata madirisha kama ya kompyuta na unaweza kutumia kibodi na mausi. Kwenye iPhone, mara nyingi unachopata ni kioo cha simu kilichokuzwa.

Tatizo la pili ni ulaji. Betri ya simu ya 5,000 mAh ni kama wati-saa 19 tu. Skrini ya wati 7 ingeimaliza kwa muda usiofika saa tatu, hata kama simu yenyewe isingekula kitu. Isitoshe, simu nyingi haziwezi kutoa kiasi hicho. iPhone 15, kwa mfano, hutoa wati 4.5 tu. Skrini ikiomba zaidi, inawaka, inaonyesha nembo yake, inazimika, kisha inawaka tena bila mwisho. Ukiiona hali hiyo usilaumu waya. Skrini ina njaa.

Kwa simu, basi, pawabenki ni lazima, na safari hii unafanya kinyume cha ulivyofanya kwa laptopu. Tumia tundu la C la pawabenki, lenye nguvu, kwenye tundu la umeme la skrini, ili kinachobaki kipite hadi kwenye simu na kuichaji. Simu haina tamaa ya wati 30 kwa muda mrefu kama laptopu, na kwa skrini ya 7 na simu ya 5, pawabenki ya wati-saa 63 itawahudumia kwa zaidi ya saa tano. Laptopu ikikuharibikia Malindi siku ya tarehe 19, Galaxy S yenye DeX, kibodi ndogo na skrini hii vinaweza kuifikisha ripoti iTax.

Kuzisoma dalili

Skrini ikikataa, usianze kubadilisha kila kitu kwa pamoja. Dalili zinasema. Skrini ikiwaka na kuandika kwamba hakuna ishara, umeme umefika lakini picha haikufika. Shuku waya kwanza, kisha tundu la laptopu. Badilisha waya kwa ule uliokuja na skrini, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na uchague Extend, kwa maana huenda picha inafika ila laptopu imeambiwa isiitumie.

Picha ikija vizuri, kisha ikakatika kila unapopandisha mwangaza au sauti, umeme hautoshi. Hapo picha haina kosa. Ongeza pawabenki kwenye tundu la pili, na tatizo likikoma, umeshalijua. Skrini nyingine hazizimiki ila hujizuia zenyewe: ukipandisha mwangaza haupiti kiwango fulani. Hiyo pia ni njaa, isipokuwa imefanywa kwa adabu.

Asilimia ya betri ikishuka huku chaja imechomekwa, chaja ni ndogo kuliko walaji wake, au mkondo umezuiwa na waya dhaifu. Kuna kipimo kidogo cha USB-C kinachochomekwa katikati ya waya na kuonyesha volti, ampea na wati. Kinasaidia sana, mradi ukiweke kwenye waya wa umeme. Vingi havipitishi njia za kasi, kwa hiyo ukikiweka kwenye waya wa picha, picha itakatika na utadhani umegundua ugonjwa mpya.

Jua, joto na chumvi

Skrini hizi nyingi zina mwangaza wa niti 250 hadi 300. Jua la Malindi la saa sita mchana linaushinda mara nyingi. Kuketi ufukweni na kufungulia mwangaza wote ni kupandisha ulaji kutoka 7 hadi 10 na bado usione namba. Geuza meza: keti chini ya makuti, mgongo uelekee ukuta na si bahari, ili weupe wa nje usirudi kwenye kioo. Hapo mwangaza wa nusu unatosha, na pawabenki inakushukuru.

Pawabenki yenyewe iweke kivulini na nje ya mkoba inapofanya kazi. Inapolisha hupata joto, na miezi ya Februari na Machi hewa ya pwani peke yake hukaribia nyuzi 32. Joto ndilo linalochakaza betri kabla ya wakati wake. Kuhusu chumvi, pini 24 katika tundu dogo kiasi kile hazivumilii uchafu. Usichomeke waya wenye mchanga wala wenye unyevu, na usipulize tundu kwa mdomo, kwani mate yana maji. Likungute, lisafishe kwa brashi kavu laini, na waya ukae kwenye mfuko wake uliofungwa.

Hukumu

Kwa mtu anayelinganisha karatasi, anayetafsiri, au anayeandika huku akisoma, skrini ya pili inastahili nafasi yake mkobani, lakini haistahili kununuliwa peke yake. Bei ya kweli ni ya vitu vitatu: skrini ya LCD ya 1080 yenye matundu mawili ya USB-C na inayopitisha umeme, pawabenki ya kweli ya wati-saa 74 yenye tundu la A na la C, na waya mmoja mfupi unaotoa picha. Fedha zikipungua, punguza ukubwa wa skrini, usipunguze pawabenki. Na kabla hujalipa, nenda dukani na laptopu yako na simu yako, chomeka kila kimoja, fungulia mwangaza wote, na usubiri dakika tano. Skrini isiyozimika ndani ya dakika hizo, ndiyo ya kupanda nayo matatu ya Malindi.